Bumu halijashuka: bajeti ya fundi baiskeli kwa mwaka wa kwanza wa bintiye

Kisa hiki ni cha mzee mmoja wa Ifakara, fundi baiskeli, aliyempeleka binti yake wa pili chuo kikuu Dar es Salaam katika mwaka wa masomo 2024/25. Nakifahamu kwa sababu nina steshenari karibu na kibanda chake, na kila mwaka kuanzia Juni hadi Oktoba kazi yangu kubwa ni kuwajazia vijana maombi ya mkopo na ya udahili. Ameniruhusu nikiandike, sharti lake moja tu: nisitaje jina lake wala la mtoto.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Anayejaza upepo anaacha sarafu ya mia, anayezibiwa pancha anaacha elfu moja, na siku nzuri ni ya kufunga spoki au kubadilisha beringi. Pesa ya mzee huyu huingia kwa sarafu, na kwa sarafu ndivyo anavyoihesabu. Jioni anazipanga mafungu ya elfu moja moja juu ya ubao wa kazi, anampelekea mwenye duka jirani ambaye kila siku analia chenji, anarudi na noti. Noti inaandikwa daftarini kabla haijaingia kwenye kopo la maziwa. Hata tone la gundi lililobaki baada ya pancha lina hesabu yake.

Kwa hiyo alipokuja kwangu katikati ya Oktoba na karatasi ya bajeti, sikutarajia kukuta kosa la kujumlisha, na kweli halikuwepo. Shida ya karatasi ile ilikuwa tarehe. Kila kiasi kilikuwa sahihi, ila hakuna mahali palipoonyesha kinahitajika lini na kitapatikana lini. Nimeona familia nyingi zikikwama hapo hapo, tena zenye uwezo kuliko yeye.

Kwanza mkopo wenyewe. Binti alimaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi, akadahiliwa shahada ya ualimu wa sayansi ya miaka mitatu katika chuo cha umma. Maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu tulikuwa tumeyajaza Julai: ada ya maombi 30,000, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, sahihi ya mtendaji, muhuri wa hakimu, kitambulisho cha mdhamini. Ukiweka na ada za kuomba udahili vyuo viwili, mzee alishatumia karibu 70,000 kabla hajajua kama mtoto atapata chochote. Hizo hakuziweka kwenye bajeti. Alisema zimeshaliwa, na kuzihesabu tena ni kujitonesha.

Oktoba majina yakatoka. Tukafungua akaunti yake ya SIPA, ile ambayo kila mwombaji anaonyeshwa humo amepangiwa nini. Kilichokuwa kimeandikwa ni hiki: ada 780,000, chakula na malazi 2,400,000, vitabu na viandikwa 200,000. Ada ya kozi kwa mwaka ni 1,300,000, maana yake Bodi imebeba asilimia 60 na kumwachia mzazi 520,000.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapotoka na furaha isiyo kamili. Mtaani habari inasafiri kwa neno moja, "amepata", na mtu akishasikia amepata anadhani kila kitu kimelipwa. Mkopo wa Tanzania unatolewa kwa vipengele, na kila kipengele kina njia yake. Pesa ya ada inakwenda chuoni moja kwa moja, mwanafunzi haigusi. Pesa ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wote wanaiita bumu, inakwenda kwa mwanafunzi mwenyewe kwa awamu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake cha juu ni 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya zamani, na hutoka kwa mafungu ya takriban siku 60, yaani 600,000 kila bumu. Kwa hiyo 2,400,000 ya kwenye skrini ni mabumu manne yaliyotawanyika mwaka mzima. Siku ya kuripoti hakuna hata moja mkononi.

Sasa karatasi ya mzee. Upande wa matumizi aliandika hivi: ada sehemu yake, mwaka mzima, 520,000. Bweni la chuo, mihula miwili, 220,000. Michango ya chuo 100,400, ambayo ndani yake mna bima ya afya 50,400, ada ya udhibiti ubora ya TCU 20,000, na 30,000 ya usajili, kitambulisho na chama cha wanafunzi. Nauli ya kwenda na kurudi, mzigo na makato ya malipo 80,000. Shuka, chandarua na vikorokoro 75,000. Laptopu ya mtumba 450,000. Jumla 1,445,400.

Upande wa mapato: kopo la sarafu, alilolianza binti alipoingia kidato cha tano, 412,300. Magunia sita ya mpunga aliyoyaweka stoo tangu mavuno, kwa bei ya Oktoba ya 95,000 kila moja, 570,000. Mgao wa kikoba chao 400,000. Jumla 1,382,300.

Pengo 63,100. Alikuwa ameshakubaliana na jirani mmoja kumkopesha, na alikuja kwangu kuuliza kitu kingine kabisa: je, akilipa ada yote ya mwaka siku ya kwanza, chuo kinampa punguzo kama wanavyofanya wauza mabati?

Nikamuuliza, "Mzee wangu, chakula kiko wapi humu?"

"Chakula ni Bodi. Si imeandikwa pale?"

"Imeandikwa. Bodi wanatoa lini?"

Akanyamaza. Binti yake alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri, akasema, "Baba, dada wa jirani alisema bumu lake la kwanza lilikuja wameshamaliza tamrini ya kwanza." Mzee akamgeukia kama vile alifichwa jambo.

Utaratibu wa mwaka wa kwanza uko hivi, na inafaa kuufuata polepole. Mwanafunzi anaripoti. Ili asajiliwe, chuo kinataka kuona kwamba sehemu ya ada isiyobebwa na Bodi imelipwa kwa muhula huo, pamoja na michango. Akishasajiliwa ndipo jina lake linaingia kwenye orodha ya wanaostahili kulipwa. Bodi inatuma pesa, mwanafunzi anathibitisha kupokea kwa kusaini kwenye mfumo, ndipo inaingia kwenye akaunti yake. Maana yake mwanafunzi ambaye hajalipa sehemu yake ya ada hasajiliwi, asiyesajiliwa hasaini, na asiyesaini hana bumu. Kijana anaweza kuwa na 2,400,000 kwenye SIPA na akalala njaa kwa kukosa 260,000 ya muhula. Yanayomsibu kijana kama huyo watu wengi huyaita Bodi kuchelewesha, na wakati mwingine Bodi kweli inachelewa, lakini mara nyingi mnyororo umekatika mwanzoni kabisa, kwenye usajili.

Tukaichukua karatasi ile ile tukaipima kwa kalenda. Chuo kinafunguliwa mwanzoni mwa Novemba. Kikoba chao, kama vikoba vingi, kinavunjwa Desemba, kwa hiyo ile 400,000 haipo Novemba. Kilichopo ni kopo na mpunga: 982,300. Laptopu tuiache hadi Desemba, nauli ya kurudi nayo isubiri, lakini vingine vyote alipanga kuvilipa siku ya kwanza kwa mwaka mzima: 955,400. Kinachobaki mkononi mwa mtoto ni 26,900. Kwa mlo wa chai na chapati asubuhi, wali maharage au ugali mboga mara mbili, mwanafunzi Dar es Salaam anakula 5,000 kwa siku akijibana. Ni chakula cha siku tano.

Mzee alirudia kugawa mwenyewe kwa kalamu pembeni ya karatasi. Alipofika kwenye tano akaweka kalamu chini.

Tabia yake ya kulipa mapema, ambayo kwa biashara ya baiskeli imemlinda miaka yote, hapa ndiyo ingemwumiza mtoto. Alitaka kulipa mwaka mzima kwa sababu anaogopa deni. Lakini muhula wa pili haukuwa deni bado, na kuulipia Novemba kulimaanisha kuuza mpunga wote Oktoba. Mtu wa Kilombero anajua maana ya hilo. Mpunga unavunwa kuanzia Mei hadi Julai na bei inalala chini. Ukikaa stoo hadi Januari au Februari, watu wakiwa wanalima na ghala za wengi zimekauka, bei inapanda. Mwenye kuuza magunia yote Oktoba amemwachia mfanyabiashara wa mashine faida ya Februari.

Tukaandika karatasi mpya yenye safu mbili, Novemba na baada ya Novemba. Safu ya kwanza iliruhusiwa kuingiza vitu ambavyo bila hivyo mtoto hawezi kusajiliwa, kusafiri, kulala na kula hadi bumu la kwanza. Ada ya muhula mmoja 260,000, michango 100,400, bweni muhula mmoja 110,000: hizo ni 470,400 za kufungua mlango wa usajili na chumba. Nauli ya kwenda 25,000, na mzigo pamoja na makato ya malipo 15,000. Vifaa 75,000 vilibaki kama vilivyo, kwa kuwa tranka na ndoo alikuwa navyo tangu bweni la kidato cha tano. Chakula tukakipa wiki sita: siku 42 kwa 5,000, yaani 210,000.

Hizo wiki sita zilileta ubishi. Mzee alitaka wiki mbili, maana fomu ya kujiunga ilisema usajili ni wiki mbili. Usajili ndiyo, lakini kati ya kusajiliwa na pesa kuingia kuna kusaini, kuna benki, na kuna orodha zinazorudi na makosa. Nimeona bumu likishuka wiki ya tatu na nimeona likishuka wiki ya saba, kwa vijana wa chuo kimoja na kozi moja. Wiki sita si uhakika. Nilichomwambia ni kwamba bumu likiwahi, pesa itakayobaki haitaoza.

Jumla ya Novemba ikawa 795,400. Kopo lina 412,300. Akiuza magunia manne kwa 95,000 anapata 380,000. Pamoja ni 792,300. Imepungua 3,100.

Mzee akaitazama ile namba, akacheka kwa mara ya kwanza. "Hizo ni pancha tatu na upepo wa baiskeli moja."

Magunia mawili yakabaki stoo, na jirani wa 63,100 akaambiwa asante, haihitajiki. Kwangu hilo la jirani ndilo lilikuwa na uzito kuliko yote. Oktoba na Novemba ni msimu wa mikopo ya kausha damu; wakopeshaji wanajua kabisa wazazi wanatafuta pesa ya chuo, na wapo wanaochukua kadi ya benki ya mtu au kitambulisho chake kama rehani. Jirani huyu hakuwa wa namna hiyo. Ila mzazi anayeanza muhula wa kwanza na deni la Oktoba, akifika muhula wa pili analipa ada na deni kwa pamoja.

Simu ilibaki nje ya hesabu. Binti alikuwa na kiswaswadu, na chuo siku hizi ratiba, matokeo na namba za malipo vyote viko mtandaoni. Mjomba wake wa Morogoro alijitolea simu janja aliyokuwa ameiacha baada ya kununua mpya. Kioo kilikuwa na ufa lakini ilifanya kazi. Bila mjomba ingebidi gunia la tano liuzwe, na la sita liguswe, nami ningemshauri afanye hivyo. Simu ni ya lazima kuliko laptopu kwa muhula wa kwanza. Insha za mwaka wa kwanza zinaweza kuchapwa kwenye maabara ya kompyuta ya chuo, lakini ujumbe wa kwamba leo ni siku ya kusaini bumu unakuja kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Ubishi wa pili ulikuwa wa nyumbani, niliusikia kwa sababu mama alikuja naye mara ya pili. Alitaka baba amsindikize mtoto. "Baba watoto, Dar anaijulia wapi huyu? Mtu akimshika mkono pale stendi?" Mzee akafungua daftari: nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu mzima 50,000, chakula cha njiani, siku mbili kibanda kimefungwa. Mama hakulijibu daftari. Alisema tu kwamba mwanaye hapimwi na pancha. Wakakaa na jambo hilo wiki nzima, mwisho likaamuliwa kwa kumpigia shangazi anayeishi Mbagala aende kumpokea stendi, na binti asafiri na mwenzake wa shule aliyekuwa anakwenda naye chuo kimoja. Sina hakika kwamba mama aliridhika. Bajeti iliridhika.

Malipo yenyewe yana mtego mdogo. Chuo hakipokei pesa mkononi. Kila kipengele kinatolewa namba yake ya malipo kwenye akaunti ya mwanafunzi, na kila namba inalipwa peke yake kwa benki, wakala au simu. Mzee alikuwa na mpango wa kumtumia binti pesa yote kwenye simu, naye akifika atoe kwa wakala, ndipo akalipe. Hiyo ni makato mara tatu kwa pesa ile ile: kutuma, kutoa, kulipa. Tulilipa ada, michango na bweni tukiwa Ifakara, mara tu namba zilipotoka, kila moja kwa kiasi chake kamili, tukachapa risiti zote. Makato yalikuwa sehemu ndogo ya 15,000 aliyotenga, na hiyo iliyobaki ilimfanya atabasamu kuliko mkopo wenyewe. Binti alisafiri na risiti, na pesa ya chakula ikagawanywa: 70,000 akabeba, 140,000 baba akaishika amtumie kwa mafungu mawili. Hapa makato ya kutuma yalikubalika, maana kijana wa miaka 20 mwenye 210,000 mfukoni wiki ya kwanza Dar es Salaam anazungukwa na marafiki wengi.

Chuoni mambo yalikwenda hivi. Alisajiliwa siku ya tatu, jambo ambalo wenzake kadhaa waliokuja na "baba atatuma" hawakuliweza hadi wiki ya pili. Chumba cha bweni kilikuwepo. Hilo pia lisichukuliwe kirahisi: asiyepata bweni anaingia geto mtaani, na mwenye nyumba wa Dar hataki kodi ya mwezi, anataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kama ingekuwa hivyo, magunia mawili ya stoo yasingetosha hata kuanza, na mpango ulikuwa alale kwa shangazi Mbagala na kupanda daladala hadi bumu lishuke.

Kisha bumu likachelewa, kwake yeye. Wenzake walilipwa wiki ya nne. Yeye kwenye mfumo alionekana amesaini lakini akaunti haikuingia kitu. Alinipigia. Nikamwambia atazame jina lililoko kwenye kadi ya benki aliyofungua mwezi Septemba, kisha jina la kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Jina la tatu, la babu, kwenye kitambulisho cha taifa limeandikwa kwa "i" mwishoni, na benki wakalifuata. Kwenye cheti linaishia na "e". Malipo ya Bodi yanafuata majina ya cheti, na yanapogonga akaunti yenye jina jingine yanarudi. Dalili ndiyo hiyo: umesaini, wenzako wamepata, wewe hakuna, na hakuna anayekutumia ujumbe wa kukueleza. Dawa ni kwenda benki na cheti na hati ya kiapo ya majina, kisha kumjulisha afisa mikopo wa chuo ili jina lirudishwe kwenye orodha ya malipo. Pesa iliingia mwishoni mwa wiki ya sita. Kwenye zile 210,000 alikuwa amebaki na 8,000.

Baba yake aliponisimulia hilo hakusema lolote kuhusu wiki mbili alizozitaka yeye. Alisema tu benki wangemwuliza mwenye jina, yaani babu.

Bumu lilipoingia likaja swali jingine, na hili familia nyingi hazilizungumzi waziwazi. Pesa ile ni ya nani? Kuna nyumba zinazotegemea mtoto atume sehemu ya bumu: kaka anahitaji sare, paa linavuja. Siwalaumu, nimeona paa zenyewe. Mzee huyu alikuwa mkali. Alisema deni ni la mtoto na haliwezi kununua simenti ya baba. Kwa kozi ya miaka mitatu kwa kiwango cha mwaka huu, binti atamaliza akidaiwa karibu 10,140,000, na akiajiriwa sheria inamkata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi liishe. Tangu 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, kwa hiyo deni halivimbi tena kwa tozo hiyo. Hilo lilimfariji mzee. Hata hivyo aliandika 10,140,000 kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, chini ya jina la binti, kama vile anamtunzia kumbukumbu.

Alichomtaka binti ni matumizi yaandikwe. Hakuomba risiti. Kwa bumu la siku 60, bweni likiwa limelipwa, kula kwa 6,000 ni 360,000. Sabuni, bando, kutoa nakala za noti za masomo na nauli ya kwenda mjini tulikadiria 90,000. Inabaki 150,000. Mabumu matatu ya kwanza yakitunzwa hivyo yanazaa 450,000, bei ile ile ya laptopu ya mtumba, bila baba kugusa kikoba. Kwa hakika binti alitunza pungufu: bumu la kwanza alibaki na 95,000 tu, maana alinunua viatu na akamkopesha mwenzake ambaye hajamrudishia hadi leo. Laptopu ilipatikana baada ya bumu la tatu, na baba akaongeza 60,000.

Rufaa ya kuomba aongezewe asilimia ya ada tulikata dirisha lilipofunguliwa, tukaambatisha vielelezo vya kipato kutoka kwa mtendaji. Asilimia haikubadilika. Fundi wa kibanda hana hati ya mshahara wala hati ya kukosa mshahara, na daftari la pancha halina mahali pa kupakiwa kwenye mfumo.

Desemba kikoba kilivunjwa, 400,000 ikaja kama ilivyoahidiwa. Februari magunia mawili yakauzwa 120,000 kila moja, zaidi ya Oktoba kwa 25,000. Kwa muhula wa pili alikuwa na 640,000 dhidi ya ada 260,000, bweni 110,000 na safari ya likizo 80,000, yaani 450,000. Katika 190,000 iliyobaki alitoa ile 60,000 ya laptopu, na 130,000 ikarudi kwenye kopo.

Sasa hivi yuko kwenye jambo jingine. Wanafunzi wa ualimu huenda mazoezi ya kufundisha wakati wa likizo ndefu, na Bodi ina kipengele chake cha mafunzo kwa vitendo, nacho kwa kiwango cha 10,000 kwa siku. Binti amepangiwa shule wilaya nyingine, ambako itabidi apange chumba na kula kwa zaidi ya mwezi. Mzee alikuja jana na ukurasa mpya, safu mbili zimeshachorwa kwa rula, na swali la kwanza lilikuwa kama pesa ya mafunzo inashuka kabla ya kuripoti shuleni au baada. Nikamwambia ajiandae kwa baada. Akaandika, kisha akaniomba nimtafutie bei ya chumba cha mwezi mmoja huko.